Umri wa Kikorea: bibi aliolewa "akiwa na miaka 22". Nipunguze mwaka mmoja au miwili?

Mjomba wa Kibaha

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa mtu anayeijua Korea vizuri.

Dada yangu ameolewa Daegu, Korea Kusini, na wapwa zangu wawili wanaongea Kiswahili safi kabisa. Familia ya shemeji imeandika kijitabu cha maisha ya mama yake mzazi, yaani bibi wa hao watoto. Dada amekitafsiri harakaharaka, mimi nakinyoosha Kiswahili chake ili tukichape, na mama yetu hapa Kibaha aweze kumsoma mkwe mwenzake. Kazi imekwama kwenye umri.

Kijitabu kinasema bibi alizaliwa mwaka wa Nyoka, mwezi wa 12 tarehe 20, kwa kalenda ya mwezi mwandamo. Familia ilikimbia Seoul siku za mwanzo za Januari 1951, yeye "akiwa na miaka 10". Kaka yake mkubwa aliingia jeshini kiangazi cha 1950 "akiwa na miaka 20". Bibi aliolewa Aprili 1962 "akiwa na miaka 22". Pasipoti yake inasema amezaliwa 20 Desemba 1941.

Najua Wakorea wa zamani wanamhesabia mtoto mwaka mmoja siku anayozaliwa. Dada anasema nipunguze mmoja kila mahali. Shemeji anasema miwili. Nimejaribu kupiga hesabu kwa pasipoti: Januari 1951 alikuwa na miaka 9, kwa hiyo dada yuko sahihi. Aprili 1962 alikuwa na miaka 20, kwa hiyo shemeji yuko sahihi. Mtu ni mmoja, pasipoti ni moja, inakuwaje mahali hapa nipunguze mmoja na pale miwili?

Kipanga wa Mbagala

Mkuu hilo jepesi. Wenzetu wanahesabu na ile miezi tisa ya tumboni, wanaikamilisha kuwa mwaka. Kwa hiyo toa mmoja, basi. Hiyo 22 itakuwa imekosewa na mwandishi, weka 21 uendelee na kazi.

Mhenga wa Incheon

Kipanga, usimwambie aweke 21, ataharibu kitabu cha watu. Nimesoma na kufanya kazi huko miaka mingi, hili nalijua.

Mjomba, shida ni kwamba umeambiwa nusu tu ya kanuni. Ni kweli mtoto anazaliwa akiwa na mwaka mmoja. Nusu ya pili ni kwamba haongezi mwaka siku yake ya kuzaliwa. Anaongeza mwaka mpya unapoingia, siku moja na nchi nzima. Mtoto aliyezaliwa jioni ya mwisho wa mwaka anaamka kesho yake akiwa na miaka miwili, na kwa saa hajamaliza hata siku nzima duniani.

Chukua hivi: wao wanahesabu miaka ya kalenda ambayo mtu ameigusa. Ukizaliwa ndani ya mwaka fulani, mwaka huo tayari ni wako, ni wa kwanza. Ukiingia mwingine, huo ni wa pili. Sisi tunahesabu miaka uliyoimaliza. Ndiyo maana tofauti si namba moja ya kudumu. Ikiwa siku yako ya kuzaliwa imeshapita mwaka huo, unatoa 1. Ikiwa bado, unatoa 2. Mtu yuleyule atatoa 2 mwanzoni mwa mwaka na 1 mwishoni mwake.

Kwa hiyo dada na shemeji wote wako sahihi, kila mmoja kwa sehemu ya mwaka. Lakini kwa bibi huyu kuna jambo la ziada, na pasipoti ndiyo inayokuchanganya. Nipe muda nile, nitarudi na hesabu kamili.

Neema Tanga

Hii sisi mashabiki wa bendi ya Kikorea ya BTS tuliijua mapema! Mwimbaji wao V amezaliwa 30 Desemba 1995. Tarehe 1 Januari 1996 alikuwa na siku mbili tu duniani, lakini kwa Kikorea ana miaka miwili. Na Jimin wa Oktoba 1995 ni rika lake kabisa, umri wao wa Kikorea haujawahi kupishana hata siku moja.

Ila mleta uzi, hayo yameshafutwa. Tangu 28 Juni 2023 Wakorea wote wanatumia umri wa kimataifa, kila mtu akapungua mwaka au miwili. Ukiandika umri wa zamani sasa hivi ni kinyume cha sheria yao.

Mhenga wa Incheon

Neema, mfano wa V ni mzuri sana, ndio huohuo ninaousema. Kuhusu sheria umepata nusu.

Serikalini umri kamili ulikuwepo zamani. Sheria yao ya madai inahesabu miaka kamili tangu miaka ya 1960. Mtaani ndiko watu waliendelea na hesabu ya mababu, na matatizo yalitokea pale karatasi inapoandika namba bila kusema ni hesabu ipi. Kuna kiwanda cha maziwa kilichogombana na wafanyakazi wake kwa sababu makubaliano yalisema mshahara unaanza kupunguzwa mtu akifika 56. Kamili au ya Kikorea? Kesi ilifika mahakama ya juu kabisa, ikaamuliwa mwaka 2022 kuwa maana yake ni 55 kamili. Sheria ya 2023 ilikuja kusema: kama karatasi haikueleza vingine, umri ni ule uliokamilika.

Haikumkataza mtu kusema umri wake wa zamani mezani kwake. Wazee wanaendelea nao kama kawaida. Na hata serikali yenyewe iliacha mambo machache yaende kwa mwaka wa kuzaliwa bila kujali siku. Pombe na sigara ni mojawapo: waliozaliwa 2005 wote waliruhusiwa kununua kuanzia 1 Januari 2024, hata aliyekuwa anasubiri Desemba atimize 19. Jeshi nalo ni hivyohivyo.

Kwa kitabu cha Mjomba sheria ya 2023 haisaidii kitu. Bibi aliolewa 1962.

Mama Brayan

Samahani wadau, nimeona kichwa cha habari nikasema nami niulize. Mwanangu alizaliwa njiti, wiki ya 32. Sasa ana miezi sita, ila kliniki nesi ananiambia nimhesabie miezi minne nikiangalia kama anakaa, anageuka na kadhalika. Ndiyo hii hesabu ya Kikorea? Maana kila mtu nyumbani ana umri wake wa huyu mtoto.

Nesi Rukia

Mama Brayan hongera kwa mtoto. Hapana, yako ni nyingine kabisa, na nesi wako yuko sawa. Mimba kamili inahesabiwa wiki 40, wewe ulijifungua ya 32, zilibaki 8, karibu miezi miwili. Hizo unazitoa unapoangalia hatua za ukuaji tu, na kwa kawaida tunafanya hivyo mpaka anakaribia miaka miwili. Chanjo usipunguze! Chanjo zinafuata tarehe aliyozaliwa kweli. Na kwenye cheti ni tarehe ileile.

Mama Brayan

Asante sana dada Rukia. Chanjo ndiyo ilikuwa inanitisha.

Mhenga wa Incheon

Nimerudi. Mjomba, fuatana nami taratibu.

Mwaka wa Nyoka unaoendana na pasipoti ni ule wa 1941. Lakini mwaka wa mwezi mwandamo hauanzi tarehe 1 Januari. Mwaka ule wa Nyoka ulianza 27 Januari 1941 na mwaka uliofuata, wa Farasi, ulianza 15 Februari 1942. Bibi amezaliwa mwezi wa 12, ndio wa mwisho, tarehe 20. Mwezi huo ulikuwa na siku 29. Kwa hiyo alizaliwa siku kumi kabla ya mwaka mpya wao. Rudi nyuma siku kumi kutoka 15 Februari 1942 unapata 5 Februari 1942.

Umeona? Hakuzaliwa 1941 kwa kalenda yetu. Amezaliwa Februari 1942. Aliyeandikisha alichukua "mwezi wa 12 tarehe 20" ya mwandamo akaiandika kama 20 Desemba. Hilo limewapata wazee wengi sana Korea, tarehe zao za serikalini ni za mwandamo zilizovaa majina ya miezi yetu.

Sasa Januari 1951. Seoul ilitekwa mara ya pili 4 Januari 1951, watu walikimbia siku hizo kwenye theluji. Mwaka wao ulikuwa bado haujageuka, ungegeuka 6 Februari. Kwa hiyo ni mwaka wa kumi tangu ule wa Nyoka, ndiyo "miaka 10" ya kijitabu. Siku yake ya kuzaliwa ya mwezi wa 12 ilikuwa bado. Toa 2. Alikuwa na miaka 8, umebaki mwezi mmoja atimize 9. Pasipoti inakupa 9 kwa sababu inamzeesha kwa wiki saba hivi, na safari ile imeangukia ndani ya hizo wiki saba.

Aprili 1962: mwaka wa 22 tangu wa Nyoka, siku ya kuzaliwa ya mwezi wa 12 bado, toa 2, unapata 20. Hakiki kwa tarehe yetu: Februari 1942 mpaka Aprili 1962 ni miaka 20 na miezi miwili. Inakaa sawasawa.

Kitu cha kujihadhari nacho ni kuchanganya kalenda katikati ya hesabu. Mtu akisema "siku yake ya kuzaliwa ni 5 Februari, kufikia Aprili imeshapita, basi natoa 1", anapata 21, na si kweli. Ile 22 imehesabiwa kwa mwaka wa mwandamo, basi na siku ya kuzaliwa iulize kwa mwezi wa mwandamo. Ukibaki ndani ya kalenda moja kanuni ya 1 au 2 haikuangushi.

Fundi Data

Kwa wenye orodha ndefu ya ndugu, usihangaike na kalamu. Tarehe ya kuzaliwa weka A2, tarehe ya tukio B2. Ya kwanza ni umri wa Kikorea, ya pili ni wa kimataifa:

```
=YEAR(B2)-YEAR(A2)+1
=DATEDIF(A2,B2,"Y")
```

Mhenga wa Incheon

Asante Fundi, kwa vijana zinafaa kabisa. Kwa bibi, ukiweka 5 Februari 1942 na Aprili 1962, ya pili itakupa 20, sahihi. Ya kwanza itakupa 21 wakati kijitabu kinasema 22, kwa sababu kompyuta inaona 1942 na wazee waliona mwaka wa Nyoka. Yeyote aliyezaliwa Januari au siku ishirini za kwanza za Februari mwangalie kwa macho, usiiachie fomula peke yake.

Ustaadh wa Pangani

Assalaam alaykum. Nimeusoma uzi kwa raha. Nina nyongeza na nina pingamizi.

Nyongeza: mtu asije akachukua kigeuzi cha tarehe za Hijria kwa sababu ameona neno mwandamo. Kalenda yetu haina mwezi wa ziada, kwa hiyo mwaka wetu ni mfupi kwa siku kama 11 na Ramadhani inazunguka majira yote. Ya Wakorea na Wachina inaingiza mwezi wa ziada kila baada ya miaka miwili mitatu, kwa hiyo mwaka mpya wao unabaki palepale, mwishoni mwa Januari hadi Februari. Mzee wa Pemba anayehesabu kwa Hijria akisema ana 66, kwa kalenda ya kawaida ana 64 hivi, na tofauti inakua kadiri anavyozeeka. Ya Wakorea haikui. Ni 1 au 2 maisha yote.

Pingamizi: Mhenga, umempuuza Kipanga kwenye la mimba. Mimi nimesikia Wakorea wenyewe wakisema ni heshima kwa uhai wa tumboni. Huwezi kusema watu hawajui mila yao.

Kipanga wa Mbagala

Ahsante Ustaadh. Nilijua sijaota.

Mhenga wa Incheon

Waalaykum salaam Ustaadh. Sijasema hawaamini hivyo. Nami nimelisikia, tena kwa mama mwenye nyumba wangu, na kwake ni jambo la moyoni. Ninachosema ni kwamba mimba haielezi hesabu yenyewe. Kama ingekuwa miezi ya tumboni, mtoto angezaliwa na mwaka mmoja halafu aongeze siku yake ya kuzaliwa kila mwaka, na tofauti ingekuwa 1 daima. Lakini wa jana usiku ana miaka miwili leo. Mimba ya miaka miwili haipo. Hesabu ya miaka iliyoguswa inaeleza yote mawili, ile 1 ya kuzaliwa na ile 1 ya mwaka mpya.

Ustaadh wa Pangani

Hoja nimeipokea kwa upande wa hesabu. Kwa upande wa asili, bado naona vinaweza kukaa pamoja. Watu wanaweza kuwa na sababu mbili za kufanya jambo moja.

Mjomba wa Kibaha

Wakuu, nimekaa nayo usiku kucha. Mhenga Mungu akubariki. Nimempigia dada, amemuuliza mama mkwe wake, na amethibitisha kwamba siku zote wanamfanyia sherehe karibu na mwaka mpya wao, haijawahi kuwa Desemba.

Kuna na hili. Kijitabu kina picha za karamu yake ya hwangap, imeandikwa "miaka 61", na nyuma ya picha kuna mwezi na mwaka: Februari 2002. Nilikuwa nimeshaandika kuwa picha zina kosa, maana 1941 ukiongeza 60 ni 2001.

Na huyo kaka wa miaka 20 mwaka 1950? Siku yake ya kuzaliwa hakuna anayeijua. Alikufa vitani, hakuacha karatasi. Dada anasema bibi anakumbuka tu kwamba alikuwa wa mwaka wa Mbuzi.

Mhenga wa Incheon

Picha haina kosa Mjomba, ni shahidi wako. Hwangap ni siku mzunguko wa miaka 60 unaporudi pale mtu alipozaliwa. Miaka yao ina majina 60, wanyama 12 wakizungushwa na alama nyingine 10. Nyoka wa 1941 alirudi 2001, na mwaka huo wa 2001 uliendelea mpaka 11 Februari 2002. Bibi ni wa mwezi wa mwisho, kwa hiyo sherehe lazima ianguke mwanzoni mwa Februari 2002. Hiyo picha imethibitisha kuwa tarehe ya kuzaliwa ni ya mwandamo kuliko maneno yangu yote. Andika miaka 60. Namba 61 ni ya hesabu ya zamani kwa sherehe ileile.

Sasa kaka. Hapa ndipo hesabu ya wazee inaizidi yetu, na naomba watu walione hili. Ukiambiwa "1950, miaka 20" kwa Kikorea, unapata mwaka wa kuzaliwa mmoja tu: 1950 toa 20 ongeza 1, ni 1931. Hakuna wa pili. Ungeambiwa "1950, miaka 20" kwa hesabu ya kimataifa ungebaki na miaka miwili mkononi, 1929 au 1930, bila siku ya kuzaliwa usijue ni upi. Ndiyo maana watafiti wa koo za kule wanaipenda namba hiyo wakiikuta kwenye kaburi au barua.

Na bibi amekupa hakikisho. Mwaka wa 1931 ni wa Mbuzi. Mbuzi mwingine ni 1919 au 1943, hawezi kuwa hao. Kwa hiyo mwaka una uhakika. Ila umri kamili siku aliyoingia jeshini huwezi kuujua. Mwaka ule wa Mbuzi ulianzia 17 Februari 1931 mpaka 5 Februari 1932. Kiangazi cha 1950 alikuwa na 18 au 19. Andika hivyohivyo, "18 au 19". Usimchagulie.

Mjomba wa Kibaha

Kumi na nane. Na kitabu kinasema ishirini. Ninapoisoma sasa inanikaa vingine kabisa kifuani.

Neema Tanga

Pole sana kwa familia. Na Mjomba, naomba uache umri wa zamani pale bibi anapozungumza mwenyewe. Kama anasema "nilikuwa na miaka kumi tulipokimbia", hiyo kumi ni yake, ameishi nayo maisha yake yote. Ukimwandikia nane kinywani unamsemea.

Kipanga wa Mbagala

Sikubaliani dada. Mama yake Mjomba yuko Kibaha, anasoma Kiswahili. Akisoma kumi ataona mtoto wa kumi. Ukweli ni mtoto wa nane anatembea kwenye theluji. Msomaji anastahili kumuona wa nane.

Mhenga wa Incheon

Wote mna hoja. Mimi nimeshatafsiri barua za namna hii, na nilichofanya ni hivi: maneno ya mzee yabaki na namba yake, na sentensi ya msimulizi inayofuata itaje umri kamili. Ukurasa wa kwanza weka mistari mitatu kueleza wanavyohesabu. Usiweke mabano kila mahali, kitabu kitakuwa kama risiti.

Wakala Safari Posta

Naongeza la kikazi. Kama bibi huyo ana mpango wa kuja Tanzania kuwaona, kwenye viza, tiketi na bima ya safari jaza 20 Desemba 1941 kama pasipoti ilivyo. Msije mkawa wema mkaandika Februari 1942 kwa kuwa ndiyo kweli. Tarehe isipofanana na pasipoti anarudishwa kaunta. Na mkiulizwa umri kwa ajili ya bima, uhesabiwe kwa tarehe hiyohiyo ya pasipoti. Kampuni nyingi zina kikomo cha umri, na wiki saba zinaweza kumrusha kundi la juu kabla ya wakati. Angalieni hilo mkipanga tarehe.

Mjomba wa Kibaha

Shukrani wakala, mpango upo kweli.

Nimeshaandika upya sehemu ya kukimbia. Nawawekea mnikosoe: «"Nilikuwa na miaka kumi," anasema bibi. Kwa hesabu yetu alikuwa na minane, mwezi mmoja kabla ya kutimiza tisa.» Neema na Kipanga naona wote mmepata chenu.

Limebaki moja ambalo shemeji ameliibua. Anasema baba yake bibi alikuwa karani, watu wa ofisini wakati ule walikuwa wakiongeza mwaka tarehe 1 Januari badala ya mwaka mpya wa mwandamo. Kama ni hivyo, ukianzia 1941 ya pasipoti, 4 Januari 1951 bibi angehesabiwa 11, si 10.

Mhenga wa Incheon

Shemeji ana hoja nzito. Nyumba nyingine zilihama mapema kwenye 1 Januari, nyingine zilibaki na mwandamo miaka mingi, na leo wengi wanatumia Januari. Kama nyumba yao ilihesabu Januari, ikianzia 1941 ya pasipoti, siku ile angekuwa wa 11, na ungetoa 3 kufika 8. Umri kamili haubadiliki, yeye ni wa 8 kwa vyovyote kwa sababu tarehe 5 Februari 1942 tunayo. Kinachobadilika ni maana ya ile "kumi". Ama nyumba ilifuata mwandamo, ama bibi alianza kuhesabu hivyo alipokuwa mtu mzima akarudisha nyuma. Muulizeni alikula supu ya vitumbua vya mchele ya mwaka mpya lini utotoni, Januari au Februari. Kwao kula bakuli hilo ndiko kuongeza mwaka.

Mjomba wa Kibaha

Dada anaenda kwake Jumapili, atauliza. Nitaleta jibu.

Mpambanaji Guangzhou

Nimechelewa uzi lakini nina swali linalofanana. Bosi wangu wa ghala huku China anasema mwaka huu ana 50 na amealika watu, kitambulisho chake nimekiona kwenye mkataba, kinampa 48. Ni hesabu hiihii au huyu mzee ana lake?

Mhenga wa Incheon

Wachina wazee nao wana hesabu ya namna hiyo, wanaongeza kwenye sikukuu yao ya mwaka mpya. Kutoa 2 ni kawaida kama siku yake ya kuzaliwa mwaka huu bado. Kitambulisho kinasema mwezi gani, na karamu ni lini?

Mpambanaji Guangzhou

Kinasema Machi. Karamu ni Septemba.

Mhenga wa Incheon

Machi imeshapita kabla ya Septemba, kwa hiyo ilitakiwa kuwa 1 tu, yaani 49. Hiyo ya pili inayobaki sina jibu lake kwa sasa. Mwulize alizaliwa mwaka wa mnyama gani, halafu ulinganishe na mwaka ulioandikwa kwenye kitambulisho.